Fundi asiyejua Kiingereza aliyehesabiwa kuwa anachanganya ndimi: uchambuzi wa kisa kutoka gereji moja ya Kisumu

Usuli

Utafiti huu ulikuwa wa shahada ya uzamili, na ulifanywa katika gereji ya jua kali mjini Kisumu. Jina la gereji, mtaa, chuo na majina ya watu wote nimeyaondoa. Watakaotajwa ni mtafiti, waandishi wawili waliomsaidia kuyaweka mazungumzo kwenye maandishi, fundi mzee anayeheshimiwa na wote pale, fundi kijana anayefanya kazi chini yake, na muuzaji wa duka la spea lililo mkabala. Mimi niliitwa mwishoni, hesabu mbili zilipokataa kulingana na msimamizi akataka jicho la tatu.

Swali la mtafiti lilikuwa rahisi kulitamka. Je, mafundi huchanganya Kiswahili na Kiingereza zaidi mteja anapokuwepo kuliko wanapobaki wenyewe na gari? Yeye aliamini kuwa ndivyo, kwa sababu mteja mwenye gari ni mtu wa kubembelezwa na pia wa kutishwa kidogo, na Kiingereza hufanya kazi zote mbili. Akapata idhini ya mafundi, akawaeleza wateja, akarekodi.

Ugumu ulikuja kwenye kuhesabu. Anayesema "breki" hajatoka nje ya Kiswahili, kama vile asemaye "meza" hajaingia Kireno, wala asemaye "shule" hajaingia Kijerumani. Hayo ni maneno mkopo, yana uraia kamili. Lakini anayesema "Madam, nathing tu wari, kesho utaendesha" ametoka Kiswahili, akazuru Kiingereza, akarudi. Huko ndiko kuchanganya ndimi. Shuleni tulifundishwa kutenga kuhamisha ndimi, yaani kutoka sentensi hadi sentensi, na kuchanganya ndimi ndani ya sentensi moja. Kwa kisa hiki tofauti hiyo haitusaidii sana, nami nitatumia "kuchanganya" kwa yote mawili. Mpaka unaotusumbua ni mwingine: neno moja la asili ya Kiingereza likiwa peke yake katikati ya Kiswahili, je, ni mkopo au ni safari fupi ya kwenda lugha nyingine?

Jambo moja kuhusu tahajia. Maneno yote ya asili ya Kiingereza nimeyaandika hapa kwa herufi za Kiswahili, jinsi yalivyosikika, hata yale ambayo ni Kiingereza bila shaka yoyote. Nimefanya hivyo kwa sababu tahajia ndiyo iliyoanzisha mzozo wote.

Kilichotokea

Mtafiti aliwapa waandishi wake kanuni moja: neno likiwemo kwenye kamusi ya Kiswahili, liandike kwa tahajia ya Kiswahili, lisipokuwemo, liandike kwa tahajia ya Kiingereza na ulipigie mstari. Kila lililopigiwa mstari lingehesabiwa kuwa tukio moja la kuchanganya ndimi. Kisha aliwapa sehemu moja ya rekodi waiandike wote wawili bila kushauriana, ili aone kama wanakubaliana.

Hawakukubaliana. Mwandishi wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, alipiga mistari mingi kuliko mwenzake. Kwake "bampa", "redieta", "hedi gasketi" na "ovahiti" yote yalikuwa Kiingereza. Mwandishi wa pili, aliyekulia karibu na mafundi, aliyaona hayo kuwa Kiswahili cha kawaida cha gereji, akashangaa hata kuulizwa. Kamusi haikuwapatanisha, kwa kuwa kamusi mbili walizotumia zilitofautiana zenyewe, na zote mbili zilikuwa nyuma ya gereji kwa miaka mingi.

Mtafiti aliamua kufuata maandishi ya mwandishi wa kwanza, kwa hoja kwamba alikuwa mkali zaidi. Jedwali likatoka, nalo likampa jibu asilolitarajia: mteja akiwepo au asiwepo, kiwango cha kuchanganya kilikuwa karibu kilekile.

Msimamizi ndiye aliyegundua kasoro, na hakuigundua kwa nadharia. Alisoma orodha ya wazungumzaji, mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba fundi mzee yumo miongoni mwa wanaoongoza kwa kuchanganya ndimi. Mtafiti mwenyewe alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba mahojiano na mzee yalifanywa kwa Kiswahili na Kijaluo kwa sababu mzee aliacha shule mapema na hawezi kushiriki mazungumzo ya Kiingereza. Mtu hawezi kuchanganya lugha anayoijua na lugha asiyoijua. Kuchanganya kunahitaji uzijue mbili. Kukopa hakuhitaji: bibi yangu hakujua neno la Kireno, na aliandaa chakula mezani maisha yake yote.

Sentensi moja mezani

Nilipoitwa niliomba tusianze na jedwali bali na sentensi moja, kisha tuikate vipande. Aliyeisema ni fundi kijana, akimlalamikia mzee kuhusu mteja aliyekuwa ameondoka:

"Huyu jamaa amedraivu hii gari bila maji mpaka ikaovahiti, hedi gasketi ikabloo, sasa ananiambia eti ai dont hev mani."

Mzee akamjibu: "Omera, hedi gasketi haibloo bure. Angalia redieta kwanza."

Anza na mkia, kwa sababu ndio rahisi. "Ai dont hev mani" kina sarufi yake chenyewe. Kiwakilishi cha nafsi kimesimama peke yake mbele, ilhali Kiswahili kingekibandika kwenye kitenzi. Ukanushi umeletwa na neno linalojitegemea, wakati Kiswahili kingesema "sina" na kumaliza. Ndani ya kipande hicho hakuna kiambishi hata kimoja cha Kiswahili. Kimeingizwa na "eti", yaani fundi ananukuu, na kunukuu ni mojawapo ya milango inayojulikana sana ya kuchanganya ndimi: maneno ya mwingine yanaletwa na lugha yake. Hapa wataalamu wote wanakubaliana. Ni kuchanganya.

"Ikaovahiti" na "ikabloo" ni habari nyingine. Mwandishi wa pili alitoa hoja kwamba vitenzi hivi vimebeba viambishi vya Kiswahili, i- ya ngeli na -ka- ya masimulizi, kwa hiyo vimekuwa vya Kiswahili. Hoja inavutia, lakini haipimi kitu. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kutembea uchi. Ukitaka kukitumia kitenzi chochote kigeni katika nafasi ile, iwe umekisikia leo asubuhi au umekirithi kwa babu, itakubidi ukivike viambishi. Vazi ambalo kila mtu analazimishwa kulivaa haliwezi kutuambia nani ni mwenyeji.

Mwandishi wa kwanza naye alikuwa na hoja yake: vitenzi hivi havigeuzi irabu ya mwisho katika ukanushi. Mzee alisema "haibloo", hakusema kitu chenye -i mwishoni kama "haipasuki". Hoja hii ni dhaifu zaidi. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havigeuki pia: tunasema "hajibu", "hasamehe", "hafikiri", na hakuna anayedai kwamba msemaji amehamia Kiarabu. Kiswahili kina utaratibu wa siku nyingi wa kuwapokea wageni wasio na -a ya mwisho, na "bloo" imeingia kwa mlango huohuo. (Mlango huo una vichekesho vyake: "hacheki" ya gereji hii inaweza kuwa fundi asiyekagua au fundi asiye na ucheshi, nasi tulilazimika kurudia rekodi ili kuamua.)

Mnyambuliko unasema kidogo zaidi. "Cheki" pale gereji hunyambuliwa bila kusita: "nichekie hii taya", "imechekiwa jana". "Bloo" haikunyambuliwa na yeyote kwenye rekodi. Anayenyambua neno amelizoea, lakini kutonyambuliwa si ushahidi wa ugeni, kwa kuwa vitenzi vingi vya Kiswahili asilia hupita rekodi nzima bila kunyambuliwa.

Kisha "hedi gasketi". Hapa pana jambo zuri. Mpangilio ni wa Kiingereza, kwani neno kuu liko mwisho. Kiswahili kingesema "gasketi ya hedi". Je, basi ni kipande cha Kiingereza chenye sarufi yake, kama "ai dont hev mani"? Tulitafuta wingi wake, tukaukuta: "mahedi gasketi za Toyota". Ile ma- imekaa mbele ya kipande chote, mara moja tu, na hakuna alama ya wingi wa Kiingereza nyuma. Maana yake ni kwamba kwa wazungumzaji hawa kipande hicho ni neno moja. Sarufi ya Kiingereza iliyokiunganisha imebaki huko kilikotoka, kama ilivyo kwa "fenibelti" na "shokabsoba", ambazo mafundi wengi hawajui hata kuwa ziliwahi kuwa maneno mawili.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandika upya rekodi yote kwa tahajia moja, bila kupiga mistari. Anayeandika "hedi gasketi" kwa herufi za Kiingereza ameshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa, na kila atakayesoma maandishi hayo baadaye ataona Kiingereza kwa macho hata kama sikio halikukisikia. Kuandika na kuainisha vikawa kazi mbili, zinazofanywa siku tofauti na, ilipowezekana, na watu tofauti.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenga vipande vya maneno mengi na maneno pweke. Kipande chenye sarufi ya ndani ya Kiingereza kilihesabiwa moja kwa moja kuwa kuchanganya. Maneno pweke yaliwekwa kando yasubiri vipimo. Hapa tulifuata njia ya Shana Poplack, ambaye tangu miaka ya 1980 amesisitiza kwamba neno pweke lisihukumiwe kwa sura yake bali kwa kulinganishwa: linatenda kama maneno ya lugha lililomo, au linatenda kama linavyotenda ndani ya vipande vya lugha lilikotoka?

Uamuzi wa tatu ndio uliobishaniwa zaidi, nao ndio ninaouona kuwa muhimu kuliko yote. Kulinganisha na Kiswahili sawa, lakini Kiswahili kipi? Mwandishi wa kwanza alikuwa amepigia mstari neno "mabolti" katika "hii mabolti iko wapi?" Sababu yake ilikuwa kwamba upatanisho umevunjika: Kiswahili sanifu kingetaka "haya mabolti yako wapi?" Neno likishindwa kupatana, alisema, halijaingia.

Tulirudi kwenye rekodi tukatafuta jinsi wazungumzaji walewale wanavyopatanisha maneno yasiyo na shaka. Tukakuta "hii maneno imeisha", "kiti hii ni ya mzee", "gari imeharibika", "hii mawe nani ameweka hapa?" Hicho ndicho Kiswahili cha Kisumu, cha Nakuru, cha bara kwa jumla: ngeli nyingi za vitu zimeangukia upatanisho wa i-, na ma- imebaki kuwa alama ya wingi tu. "Hii mabolti" haijavunja kanuni yoyote ya lugha hiyo. Imetii, sawasawa na "hii maneno". Ukiipima kwa kipimo cha vitabu vya sarufi sanifu utahitimisha kwamba hata "mawe" ni neno la kigeni.

Kwa hiyo kila neno pweke lililinganishwa na maneno asilia ya mzungumzaji yuleyule, kwenye rekodi ileile. Tuliangalia mambo matatu: linapatanishwa vipi, wingi wake unafanywa vipi, na kivumishi chake kinakaa wapi. Mafundi walisema "gasketi mpya", "bampa ingine", "spana kubwa", kivumishi nyuma kama kawaida. Mteja mmoja alisema: "Nataka orijino, not ziz chip wans." Huko kivumishi kiko mbele na kiashiria kimekubali wingi wa Kiingereza. Tofauti ilikuwa wazi kuliko tulivyotarajia.

Uamuzi wa nne ulihusu usambazaji. Neno lililopita kipimo cha sarufi liliulizwa swali la pili: nani mwingine analitumia? Mzee alifanywa kuwa shahidi maalumu. Neno lolote ambalo mzee alilitumia mwenyewe, bila kurudia aliyoyasema mwingine dakika hiyo, lilihesabiwa kuwa mkopo uliokwishakaa. Maneno yaliyotii sarufi ya Kiswahili lakini yakasemwa na mtu mmoja tu, mara moja, yaliwekwa katika kundi la mikopo ya papo hapo. "Amedraivu" liliangukia humo, kwa sababu wengine wote, mzee akiwemo, walisema "ameendesha". Hilo lilinishangaza kidogo, maana nomino "dereva" ni mkopo mkongwe kabisa. Lakini nomino kuingia si tiketi ya kitenzi.

Matamshi tuliamua kutoyatumia kama kipimo, ingawa ndiyo watu wengi huyafikiria kwanza. Sababu ilikuwa mbele yetu. Kijaluo hakina sauti ya sh wala z, na baadhi ya wazungumzaji walileta s mahali pake katika maneno yote, yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza. Kwa upande mwingine muuzaji wa spea, aliyesoma hadi chuo, alitamka "gasketi" bila irabu ya mwisho alipozungumza na wateja na akairudisha alipozungumza na mafundi. Neno halikubadilika hadhi kila alipogeuka. Poplack na wenzake wameonyesha jambo hilihili kwingineko: neno la kukopwa huvaa sarufi ya mwenyeji mara moja, siku ya kwanza, lakini matamshi huyumba muda mrefu.

Matokeo

Baada ya uainishaji mpya, waandishi wawili walipewa tena sehemu moja bila kushauriana, na tofauti zao zikawa chache kiasi cha kujadiliwa moja moja. Mzee alitoka kwenye orodha ya wanaoongoza. Kwake vilibaki vipande vichache sana, navyo vilikuwa vya kuiga: alimrudia mteja maneno yake kwa dhihaka.

Jibu la swali la awali nalo likageuka. Mikopo ilikuwa mingi kila mahali, mteja akiwepo au asiwepo, kwa kuwa injini ni ileile na vipuri ni vilevile. Wingi huo ndio uliokuwa umefunika kila kitu kwenye jedwali la kwanza. Kuchanganya kwenyewe kulipotengwa, kulionekana kumejikusanya kwenye nyakati chache: mteja anapoingia, bei inapotajwa, na lawama inapotafuta mwenyewe. Fundi kijana alieleza ubovu wa gari kwa Kiswahili kilichojaa mikopo, kisha alipofika kwenye malipo akasema, "Na hiyo sio ya kubageni, zat iz ze kost ov lebor." Hakukosa maneno ya Kiswahili. Dakika chache kabla alikuwa amemwambia mwenzake "hiyo pesa ni ya kazi". Alibadilisha lugha ili kubadilisha uzito wa kauli, jambo ambalo Carol Myers-Scotton alilichunguza kwa kina kwa data za Kenya, Nairobi hasa, katika kazi zake zilizotoka mwaka 1993. "Gasketi" haina nguvu hiyo. Hakuna mteja anayetishwa na gasketi.

Kilichofaulu na kilichofeli

Kilichofeli mwanzoni hakikuwa uzembe wa waandishi. Wote wawili walitii kanuni waliyopewa. Kanuni yenyewe iliipa kamusi kazi isiyo yake. Kamusi hurekodi mikopo iliyokwishakubaliwa na wahariri wake, nayo hufika gerejini ikiwa imechelewa. Neno kukosekana humo hakumaanishi kwamba msemaji amevuka kwenda lugha nyingine.

Kilichofaulu zaidi ni shahidi asiyejua Kiingereza. Ni kipimo kikali na rahisi, lakini kina masharti. Kinahitaji uwe naye mtu wa namna hiyo, na mijini wanazidi kuwa wachache, kwa kuwa watoto wote wanasoma Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tena kinathibitisha upande mmoja tu. Mzee akilitumia neno, ni mkopo. Asipolitumia, huenda ni kwa sababu halihusu kazi yake. "Skrini" na "chaja" hazikutoka kinywani mwake hata mara moja, na haziwi Kiingereza kwa sababu hiyo.

Kuhusu mikopo ya papo hapo, kama "amedraivu", lazima niseme kwamba hapa tulichagua upande katika ugomvi ambao haujaisha. Poplack angeliita neno hilo mkopo, hata kama limesemwa mara moja duniani, kwa sababu sarufi yake yote ni ya Kiswahili. Myers-Scotton angesema ni kuchanganya: Kiswahili ndicho lugha inayobeba sentensi, inayotoa viambishi na mpangilio, na Kiingereza kimechomekwa ndani yake kama shina tupu. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba wote wawili wanaeleza ukweli uleule. Wanakubaliana kwamba sarufi ya neno hilo ni ya Kiswahili. Wanatofautiana juu ya kama hilo latosha kuliita mkopo. Poplack anasema latosha. Myers-Scotton anataka zaidi, yaani neno liwe limezoeleka kiasi cha kutarajiwa.

Mimi nategemea upande wa Poplack kwa vitenzi vya aina hii, kwa sababu anachokieleza kinaweza kupimwa ndani ya rekodi, ilhali kutarajiwa kunahitaji ujue yaliyo vichwani mwa watu. Lakini sikumlazimisha mtafiti. Alichapisha jumla mbili, moja ikiwa na mikopo ya papo hapo ndani ya kuchanganya na nyingine bila, na akaonyesha kwamba jibu la swali lake halibadiliki kwa vyovyote. Endapo lingebadilika, angelazimika kuutetea uchaguzi wake kwa kurasa nyingi.

Vipimo vyetu vilinyamaza kabisa mbele ya maneno kama "so", "bat" na "bikozi". Maneno haya hayachukui viambishi katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, hayana wingi, hayapatanishwi, na hukaa mahali palepale ambapo "kwa hivyo", "lakini" na "kwa sababu" hukaa. Hakuna sarufi ya kulinganisha. Kwa "so" usambazaji ulitosha, maana hata mzee aliitumia. "Bikozi" ilitumiwa na wateja na muuzaji wa spea tu, mara nyingi mbele ya kipande cha Kiingereza, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Hiyo tuliihesabu pamoja na kipande inachokitangulia, na ilipokuwa pweke tuliiacha kwenye kundi la mashaka.

"Lasti praisi" iliishia kundi hilo pia. Kwa mpangilio ni Kiingereza, kivumishi mbele. Kwa matumizi ni kama neno moja, linasikika kila soko. Tulitafuta wingi wake, hatukuupata, kwa sababu bei ya mwisho huwa ni moja. Tulitafuta mtu aliyeupindua mpangilio, akasema "praisi ya lasti", hatukumpata. Mzee alisema "bei ya mwisho". Fundi kijana alisema zote mbili, "lasti praisi" kwa mteja na "bei ya mwisho" kwa mzee, jambo linaloivuta kuelekea kuchanganya. Lakini mama muuza chai, ambaye hakuwa mzungumzaji wa Kiingereza, aliitumia akicheka na mafundi. Ushahidi ulivuta huku na huku, ikabaki na alama ya kuuliza.

Na kuna Kijaluo, ambacho utafiti ulikuwa umekiweka kando ingawa ndicho kilichotawala gereji asubuhi kabla ya wateja kufika. Huko swali linazaa jingine: mzee akisema "gasketi" katikati ya Kijaluo, amekopa kutoka Kiingereza au kutoka Kiswahili? Irabu ya mwisho inatoa fununu. Kijaluo hakina tatizo na neno kuishia kwa konsonanti: hospitali ni "osiptal", shule ni "skul", na wingi wake ni wa Kijaluo halisi, "osiptende" na "skunde". Kingeipokea "gasket" moja kwa moja bila kuiongezea kitu. Ile -i ya mwisho ni mahitaji ya Kiswahili, kwa hiyo "gasketi" yenye -i ndani ya Kijaluo huelekea kuwa imepitia Kiswahili. Na kama ndivyo, baadhi ya maneno ambayo mwandishi wa kwanza aliyaona kuwa Kiingereza ndani ya Kijaluo yalikuwa Kiswahili ndani ya Kijaluo. Mtafiti ameziandika sehemu hizo za asubuhi kwa tahajia ileile moja, bila mistari. Hesabu yake itahitaji safu ya tatu, na mwandishi anayekijua Kijaluo cha mafundi vizuri kuliko ninavyokijua mimi.